Uzoefu wangu na kijitabu cha nyoka wa herufi

Kijitabu ninachokipima hapa nilikinunua kwa muuza vitabu anayetandaza bidhaa zake kandokando ya Mtaa wa Tom Mboya, na tangu hapo kimekuwa kikisafiri nami katika matatu za Barabara ya Thika, ambako foleni humpa mtu nafasi ya kutosha ya kufumbua mafumbo. Kila ukurasa una mraba au mstatili mmoja wa herufi. Herufi hizo ni sentensi moja ya Kiswahili iliyoandikwa bila nafasi wala alama za uakifishaji: mstari wa kwanza husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, wa pili hurudi kutoka kulia kwenda kushoto, na hivyo hivyo hadi mkia. Wagiriki wa kale waliwahi kuchonga maandishi yao juu ya mawe kwa mtindo huu huu, wakigeuka mwishoni mwa mstari kama ng'ombe wa kulima anavyogeuka mwishoni mwa shamba. Kazi ya msomaji ni kuonyesha kila neno linaanzia wapi na kuishia wapi.

Ili uzuri na udhaifu wake vionekane, nitafumbua fumbo moja lenye umbo la yale ya katikati ya kijitabu, yaani mraba wa herufi 7 kwa 7:

M A M A A L I
E M A A W U K
K A A K A N D
A O T M A Y O
K I O S H A V
Y V O B M O Y
A W A G E N I

Hatua ya kwanza ni kumnyoosha nyoka katika mstari mmoja pembeni mwa ukurasa, kwa penseli: MAMAALIKUWAAMEKAAKANDOYAMTOAKIOSHAVYOMBOVYAWAGENI. Wengi huiruka hatua hii wakidhani wanaokoa muda, kisha mwisho wa mstari huwadanganya. Mpwa wangu aliye gredi ya 6 alipoutazama mraba huu alisema mara moja, "Mjomba, hii inaanza na Mama Ali." Alikuwa na sababu, kwa kuwa mstari wa kwanza unaishia hasa pale jina hilo linapokamilika, na katika mtaa wetu akina mama huitwa kwa majina ya watoto wao. Lakini ukuta wa mraba si mpaka wa neno. Ukikubali "Mama Ali", kinachofuata ni "kuwa amekaa", na hapo "kuwa" linabaki bila kitenzi cha kulitangulia. Nilimwambia asome mbele kabla ya kukata, naye akaipata "alikuwa" mwenyewe.

Hatua ya pili ndiyo inayolifanya fumbo la namna hii liwafae wasomaji wa Kiswahili. Maneno yetu, isipokuwa majina kama Salim na maneno machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Kati ya herufi 49 kuna nafasi 48 ambapo kisu kingeweza kupita, lakini ukikata baada ya irabu pekee zinabaki 23, na mipaka ya kweli ni 9 tu. Irabu mbili zikikutana huamsha shaka kwamba hapo pana mpaka, ingawa shaka si ushahidi: AA ya "mama alikuwa" ni mpaka, ilhali AA ya "amekaa" imo ndani ya neno moja. Vivyo hivyo M ikifuatwa na T, kama katika MTO, mara nyingi huashiria mwanzo wa nomino, lakini inaweza pia kuwa kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi, kama katika "alimtuma".

Ninapokwama kichwani huanza mkiani, na ninawashauri wengine wafanye hivyo. Mkia wa nyoka huyu ni VYOMBOVYAWAGENI. "Wageni" linajitokeza lenyewe, na VYA iliyo mbele yake inadai nomino ya wingi katika ngeli ya KI-VI, kwa hiyo "vyombo" linapatikana kwa upatanisho hata kabla ya kuliona vizuri. Hata hapa pana mtego, kwa sababu mtu anayetoka kichwani atafika AKIOSHAVYO na kulifananisha na maneno kama "asemavyo". Mtego huo unajifichua haraka, kwani unaacha MBO isiyo neno, na tena -ki- ya "akiosha" haiandamani na -vyo ya namna.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya YAMTOAKIOSHA. Jibu linalotarajiwa ni "kando ya mto akiosha vyombo". Lakini kata herufi moja mbele zaidi, nawe unapata "kando ya mtoa kiosha vyombo": "mtoa" tunalijua kutoka "mtoa habari", na "kiosha" linaweza kuundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa vifaa vingi majina. Basi mama huyo anakuwa ameketi kando ya mtu anayewagawia watu mashine ya kuoshea vyombo vya wageni! Sarufi peke yake haiikatai sentensi hiyo. Kinachoikataa ni mazoea ya lugha, kwamba mto na kuosha vyombo hukaa pamoja katika maisha ya watu, na kwamba "kiosha" si neno linalotumika. Kanuni yangu katika hali kama hii ni kuchagua mkato unaotumia maneno yaliyozoeleka zaidi, kisha kuusoma kwa sauti ili nisikie mkazo unavyoangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa kila neno. Sauti humfichua mdanganyifu haraka kuliko jicho.

Udhaifu wa kijitabu unatokana na jambo hilo hilo. Mtungaji hakuyapima mafumbo yake kwa kutafuta mkato wa pili, na ukurasa wa majibu unatambua jibu moja tu. Katika fumbo fupi la mwanzoni, HAWANIWAKAZI, jibu lililochapishwa ni "Hawa ni wakazi", ingawa "Hawa ni wa kazi" ni sentensi sahihi vilevile, na mtoto anayeiandika ataona amekosea bila kosa. Maneno machache ya kuongeza, kwa mfano "Hawa ni wakazi wapya wa mtaa huu", yangetosha kuufunga mlango wa pili. Aidha, ritifaa ya "ng'" imewekwa katika baadhi ya mafumbo na kuachwa katika mengine, hali inayomlazimu msomaji kukisia kama anatafuta neno la "ng" au la "ng'".

Kijitabu pia ni kikali kuhusu tahajia, na hilo nalihesabu kuwa sifa. Anayezoea kuandika "kwasababu" au "kwahivyo" kama neno moja katika ujumbe wa simu atakatwa alama, kwa kuwa majibu yanafuata "kwa sababu" na "kwa hivyo". Kwa upande mwingine, anayetenganisha "ha wa ku mwambia" atafundishwa kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa katika neno moja.

Kwa shilingi 150 nilizolipa, ninakipa nyota tatu kati ya tano. Mwalimu anayetaka kukitumia darasani afumbue kwanza kila fumbo mwenyewe na kuandika mikato ya ziada pembeni mwa majibu, na anunue penseli za kutosha, kwa sababu karatasi yake ni nyembamba na wino wa kalamu hupenya hadi kwenye nyoka wa upande wa pili.