Kifaa cha kukatia video kwenye galari ya simu: kasi ninayo, imani sina tena

Nilikuwa nataka kukipa nyota tano. Unaburuta vile vishikio viwili, unabonyeza Hifadhi, na kabla hujapepesa macho klipu ipo tayari. Halafu yakanikuta ya dada yangu.

Dada alitoa hotuba ya shukrani kazini, na aliyerekodi akaipitisha kwenye kompyuta ndipo akanitumia. Dakika tatu, megabaiti 180. Kabla ya hotuba yenyewe kuanza, dada anamnong'oneza mtu wa maikrofoni neno kuhusu bosi wake. Neno lisilosameheka. Nikakata, nikabakiza kuanzia sekunde ya 15 hadi ya 55, nikaitazama kwenye simu yangu, ikaanza pale pale nilipotaka. Nikaituma kwenye kundi lao la kazi.

Haikupita muda, simu ikaita. "Wewe si ulisema umekata? Mbona Mama Mkubwa wa ofisi ananisikia mwenyewe?"

Nikaapa kwamba nimekata, na klipu yangu ilikuwa shahidi. Kwenye kompyuta ya mwenzake, klipu hiyo hiyo ilianza karibu sekunde saba nyuma, na mnong'ono wote umo.

Hasira ndiyo iliyonifanya nichimbe. Video haihifadhi kila picha nzima nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika. Kifaa cha galari kina kasi kwa sababu hakigusi picha hata moja: kinanakili data ilivyo na kuifunga kwenye faili jipya. Ila kunakili hakuwezi kuanzia katikati ya mabadiliko, lazima kuanzie kwenye fremu kamili. Nikaziorodhesha fremu hizo kwenye kompyuta:

```
ffprobe -select_streams v -skip_frame nokey -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 hotuba.mp4
```

Zikatoka 0, 8.33, 16.67 na kuendelea. Yaani moja kila fremu 250, kwa video ya fremu 30 kwa sekunde. Mimi nilitaka 15, kwa hiyo kifaa kikarudi hadi 8.33, kikabeba kila kitu kuanzia hapo, kisha kikaandika ndani ya faili maagizo yaitwayo `elst`: pleya, tafadhali ruka mwanzo huu. Simu yangu ilitii. Pleya ya yule mwenzake haikutii. Kilichoniuma ni kwamba saizi ilikuwa inanipigia kelele muda wote: sekunde 40 zilipaswa kuwa kama megabaiti 40, klipu ilikuwa na 47. Hizo saba za ziada ndizo aibu ya dada.

Sasa, kukata huku si kukata. Ni kufunika kwa shuka. Na hakuna neno hata moja kwenye skrini linalosema hivyo!

Nikajaribu tena, safari hii nikipunguza pembeni ya picha kidogo tu. Hapo kifaa hakina ujanja: picha zikibadilika lazima kizibane upya zote. Mstari wa maendeleo ukatokea, ukajivuta taratibu, na klipu ikaanza kwa usahihi kwenye sekunde ya 15 kwa kila pleya niliyoijaribu. Nikashangilia mapema. Faili lilikuwa na megabaiti 14 badala ya 40, uso wa dada umekuwa kama nta, na maandishi ya bango nyuma yake yameyeyuka. Hakuna mahali pa kuchagua ubora. Kimeamua chenyewe.

Kwa hiyo kitufe ni kile kile cha Hifadhi, lakini nyuma yake kuna kazi mbili tofauti kabisa, na wewe unaambiwa "Imehifadhiwa" katika hali zote mbili.

Lazima niseme haki yake, ingawa nimenuna. Video nilizorekodi mwenyewe kwa kamera ya simu zina fremu kamili karibu kila sekunde, kwa hiyo mwanzo ukisogea ni kidogo mno na ubora haupotei hata chembe. Kwa hizo nakitumia bado, na sijaona cha kukishinda kwa kasi. Taabu ni video zilizopitia kompyuta au zilizotoka mtandaoni, hasa za kamera iliyotulia kama hii, ambako picha haibadiliki ghafla na fremu kamili hukaa mbali moja na nyingine.

Nyota tatu, basi. Hapana, nikimkumbuka dada, mbili. Wangeandika tu chini ya kitufe "kukata kwa haraka, mwanzo unaweza kubaki ndani ya faili", ningewapa nne na nisingelalamika. Kitu cha kuficha siri kisikatwe hapa bila kubanwa upya, na saizi ipigiwe hesabu kabla ya kutuma. Bosi, kwa taarifa yenu, hajasema lolote hadi leo, na dada anasema hilo ndilo baya zaidi.