Stepa au sevo kwa mashine ya kujazia asali? Usidanganywe na nguvu ya mota iliyosimama

Malalamiko ya wafungashaji asali hapa Tabora yanafanana. Mchana mashine inajaza vizuri, lakini asubuhi za baridi za Juni chupa zinatoka pungufu. Fundi anabadilisha valvu, anabadilisha sili, tatizo liko palepale. Mara nyingi mkosaji ni mota.

Stepa ni mota inayozunguka hatua kwa hatua. Ile 1.9 N·m unayoiona kwenye tangazo la stepa ya ukubwa wa NEMA 23 ni nguvu yake ya kuzungusha ikiwa imesimama. Ikianza kuzunguka nguvu inashuka, na kwa volti 24 inashuka mapema kuliko kwa volti 48, kwa sababu koili hazipati muda wa kujaa mkondo.

Tupige hesabu. Pistoni ya kipenyo cha milimita 50, kwenye skrubu inayosogea milimita 5 kila mzunguko, inatoa karibu mililita 9.8 kwa mzunguko. Chupa ya mililita 250 inataka mizunguko 25 na nusu. Ukitaka ijae kwa sekunde 4, mota inakwenda mizunguko 380 hivi kwa dakika. Asali ikidai shinikizo la baa 2, skrubu ya kawaida isiyo na gololi itahitaji karibu 0.9 N·m. Kwenye mwendo huo stepa ile huenda isibakiwe hata na nusu ya nguvu yake. Asali ikiganda kidogo, mota inaruka hatua, na kontrola inaendelea kuhesabu kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa kazi hii namba moja naipa stepa yenye enkoda, kile kipimo kinachofuatilia mzunguko halisi wa mota, na sifichi: mimi ni mtu wa Leadshine, watengenezaji wa mota na draiva. Mota ikizidiwa draiva inaongeza mkondo, ikishindwa kabisa inasimama na kutoa alamu. Ila waya wa alamu uufikishe kwenye kontrola, la sivyo umelipia enkoda bure.

Sevo ni ya pili. Ya wati 400 inatoa 1.27 N·m mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, lakini wewe uko 380. Unalipa bei kubwa kwa mwendo usioutumia. Inunue ukiwa na laini ya chupa nyingi.

Stepa tupu ni ya tatu, tena kwa volti 48 na mwendo wa taratibu. Vidogo vya NEMA 17 waachie wenye printa.

Kabla ya kulipa, omba mchoro wa nguvu dhidi ya mwendo. Muuzaji mmoja wa Dar aliniambia nigawe hatua 200 za kila mzunguko ziwe 3,200 “ipate nguvu”. Kugawa hatua kunalainisha mwendo tu, nguvu haiongezeki. Na mzigo ukishapanda basi kuja huku, kuurudisha ni nauli yako.

Ukiwa nayo tayari, chora mstari wa maka pen kwenye kapilingi na kwenye bodi ya mota. Jaza chupa mia asubuhi mapema, pistoni irudi mahali ilipoanzia bila kugusa swichi ya mwanzo. Mistari ikipishana, hatua zimeruka.