Uzoefu wangu na bandari kavu: treni iliwahi, kontena likakwama

Kwa miezi minne sasa mizigo yangu inapita kwenye bandari kavu inayopokea makontena kwa treni na kuyatoa kwa malori. Naipa nyota 3 kati ya 5. Hizo tatu ni za kazi ya kushusha, ambayo wanaimudu kwelikweli. Mbili nimezizuia kwa sababu ya yale yanayotokea kontena likishagusa ardhi.

Nianze na wanachokiweza. Mara ya kwanza nilikwenda mwenyewe kutazama treni ikishushwa. Mashine inanyoosha mkono wake, inashika kontena kwa pembe nne za juu, inalinyanyua kutoka kwenye behewa, inageuka na kulipanga kwenye yadi. Dakika chache tu, inarudi kwa jingine. Sijawahi kupata kontena lililobonyezwa kwa uzembe wa mwendesha mashine, na hilo nawashukuru.

Sasa safari iliyonifanya niandike haya. Nilikuwa na makontena sita kwenye treni moja. Treni iliingia Jumanne saa 8 usiku, na kufikia saa 12 asubuhi yote yalikuwa chini. Malori yangu yalifika getini saa 4. Matano yalipakia na kuondoka siku hiyo hiyo. Dereva wa sita akanipigia: "Bosi, wanasema kontena lako halijafika."

Nilikwenda. Kijana wa dirishani aliandika namba, akaangalia skrini, akatikisa kichwa. Kweli kwenye mfumo halikuwepo. Nikaomba kuingia yadi na mmoja wa wasimamizi, tukavaa vizibao na kofia, tukapita safu moja baada ya nyingine. Tulilikuta safu ya tatu, chini kabisa, juu yake hakuna kitu. Namba ubavuni ilikuwa ileile iliyo kwenye hati zangu. Msimamizi alisimama mbele yake, akaitazama karatasi yake, akasema, "Huku limeandikwa jingine." Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Kosa lilianzia mbali. Treni inapoondoka, upande wa reli hutuma orodha inayoonyesha kila behewa limebeba kontena gani. Bandari kavu inapokea treni kwa orodha hiyo, na mfumo wao unalijua kontena kwa namba iliyoandikwa humo. Aliyeandika alikosea, na huku hakuna aliyesoma namba ya kontena lenyewe lilipokuwa likishushwa usiku. Kwa hiyo kwenye kompyuta kulikuwa na kontena lisilo na mwenyewe, na mimi nilikuwa na hati za kontena lisilokuwepo.

Kinachoniuma ni kwamba kosa la aina hii lingeweza kukamatwa kabla treni haijang'oa. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho, ambayo mara nyingi huchorwa ndani ya kisanduku, si ya mfululizo. Inapatikana kwa hesabu inayotumia herufi na tarakimu zote zilizotangulia, kila moja ikipewa uzito kulingana na nafasi yake, kisha jumla inagawanywa kwa 11 na kinachobaki ndicho kinachoandikwa, ila kikiwa 10 huandikwa 0. Chukua CSQU3054383, mfano unaotumika sana kufundishia: hesabu inatoa 3, na mwisho kuna 3. Badilisha nafasi za 5 na 4 iwe CSQU3045383, hesabu inatoa 1 wakati mwisho bado pana 3. Mfumo wowote unaofanya hesabu hiyo ungeikataa namba hiyo papo hapo. Nilipomuuliza msimamizi, alikiri kwamba orodha za treni wanaziingiza kama zilivyokuja.

Nilidhani tukishaliona kwa macho kazi imekwisha. Haikuwa hivyo, na hapa sitawalaumu sana. Orodha ile ndiyo hati ya makabidhiano kati ya reli na bandari kavu, kwa hiyo bandari kavu haiwezi kuifuta namba na kuandika nyingine kwa hiari yake. Ni lazima reli itume marekebisho. Forodha nao walikuwa wameruhusu namba sahihi, lakini taarifa ya kuwasili iliyowafikia ilikuwa na namba yenye kosa, hivyo hiyo pia ikabidi irekebishwe. Marekebisho ya reli yaliingia Jumatano mchana, ya forodha jioni, ofisi ya geti ikiwa imeshafungwa.

Alhamisi asubuhi tukapata kibali cha kutoka. Dereva akaingia yadi, akakuta makontena matatu yamepangwa juu ya letu. Usiku ilikuja treni nyingine, na kwa mfumo wao kontena letu lilikuwa halisubiriwi na lori lolote, kwa hiyo halikuwa na sababu ya kuachwa wazi. Matatu yale yakasubiri mashine, yakahamishwa moja moja, ndipo letu likafikiwa. Lori lilitoka saa 9 alasiri. Kushusha kutoka behewani kulichukua dakika chache, kulikabidhi kwa lori kukachukua saa 57.

Siku zangu za bure za kuhifadhi zilikuwa tatu, nazo zilianza kuhesabiwa treni ilipoingia. Nimeponea chupuchupu upande huo, lakini mwenye lori nimemlipa siku mbili za kusubiri, na siku za kurudisha kontena tupu kwa kampuni ya meli ziliendelea kukatika wakati lenyewe limekaa yadi. Nililalamika. Jibu lilikuwa la heshima, kwamba kosa halikuwa lao. Ni kweli halikuanza kwao. Ila wao ndio waliolipokea kontena bila kulisoma, na walipolipokea muda ukaanza kukatwa kwangu.

Tangu hapo nimebadilisha ninavyofanya kazi nao. Treni ikishaondoka, naomba orodha ya mabehewa kwa wakala wangu na kupiga hesabu ya tarakimu ya mwisho kwa kila kontena langu, kisha naifananisha na hati. Naandikisha namba za malori na siku ya kuchukua kabla treni haijafika, maana treni inashusha makumi kwa mkupuo na lori linabeba moja kubwa au mawili madogo, na yadi isiyojua nani anakuja lini itapanga kwa jinsi yanavyoshuka. Tangu nianze hivyo hatujafukua tena.

Jambo jingine kwa madereva: lakiri ikaguliwe kabla ya kusaini. Makontena mengi husafiri behewani yakiwa yameelekezana milango, kwa hiyo njiani hakuna anayeweza kuisoma lakiri. Sehemu ya kwanza ya kuiona vizuri ni pale yadi, na ukishasaini hati ya makabidhiano, lakiri iliyokatika au bonyeo lolote linahesabiwa ni la lori.

Nitaendelea kuwatumia, kwa sababu kwa umbali ninaosafirisha treni inanifaa kuliko lori peke yake. Lakini mkataba wetu unaisha mwezi ujao, na nimeshawaandikia sharti moja: siku za bure zianze pale mfumo wao unaposema kontena liko tayari kuchukuliwa, si pale treni inapoingia. Bado hawajajibu. Wakilikubali, nitarudi hapa kuongeza nyota ya nne.