Sarafu moja kwa hati, au kwa kila kiasi?

Ankara iliyo mezani kwangu hapa Kigoma ni ya mzigo wa kwenda Bujumbura. Juu imeandikwa USD. Nauli ya meli ni 1,850.00, na chini yake upakiaji ni 420,000/=.

Programu ikisoma ankara kama hii na kuhifadhi viasi vyake, kuna njia mbili za kuandika sarafu. Njia ya kwanza huipa hati nzima sarafu moja. Ni nyepesi, na kwa hati ya shilingi tupu inatosha. Hapa, lakini, wapakiaji wanageuka kulipwa dola laki nne na ushee, na jumla inatoka 421,850, namba isiyo na maana kwa sarafu yoyote.

Njia ya pili hukipa kila kiasi sarafu yake, pamoja na alama iliyothibitisha:

```
{"kiasi": 420000, "sarafu": "TZS", "alama": "/="}
```

Mimi nachagua hii, ingawa ina kazi zaidi. Kiasi kisicho na alama kifuate kichwa cha safu yake kwanza, ndipo kichwa cha hati. Kama vyote havipo, andika `null`. Usikisie kwa ukubwa wa namba. Jumla zihesabiwe kila sarafu peke yake, kisha zilinganishwe na zilizochapwa kwenye ankara.