Chupa za sabuni na shampuu bafuni: shubaka la ukutani au kikapu cha kuning'iniza?

Kikapu hakihitaji fundi, na ukihama unaondoka nacho. Kasoro yake ni kutu na kuyumba kila ukigusa chupa. Kwa mpangaji kinatosha.

Shubaka ni zuri zaidi, ila likikosewa, maji hupenya ukutani kimyakimya hadi rangi ya chumba cha pili ianze kubambuka. Vigae pekee havizuii maji. Kabla ya kuvibandika, paka dawa ya kuzuia maji pande zote tano, weka utepe wake kwenye kona, na sakafu ya shubaka iinamie nje kidogo.

Chupa yako ndefu ni sentimita 25? Acha kimo cha 30, mkono upate kubonyeza pampu. Kigae na gundi vikila 1.5 juu na chini, tundu likatwe 33.