Tahadhari: mtu wa usafi wa ofisi anayekuambia "sikuombi uniamini, nakuomba unikague"

Jamani mameneja, watu wa utawala, na yeyote mwenye funguo za ofisi mfukoni: kuna jamaa anazunguka akijiita mkurugenzi wa kampuni ya usafi. Jina la kampuni silitaji, mwanasheria kanizuia mpaka barua itoke, na isitoshe nasikia ameshalibadilisha. Maneno yake lakini hajayabadilisha, wenzangu wawili wameambiwa yale yale neno kwa neno. Nayaandika hapa ili akiyaanza mbele yenu mumkatize katikati.

Wanaonifahamu wanajua tulivyoachwa na kampuni iliyopita, sirudii hadithi ile. Itoshe kusema nilikuwa simwamini mtu yeyote aliyeshika ndoo. Na yeye alilijua hilo kabla hajakaa. Hakutoa bei, hakutoa picha za ofisi za watu. Alikaa, akaniangalia, akasema: "Meneja, najua unachoogopa. Wiki ya kwanza sakafu inang'aa, wiki ya tatu mapipa yanalala yamejaa, na ukipiga simu haipokelewi. Si ndivyo walivyokufanyia?" Sasa niambieni, ungejibu nini hapo? Ndivyo walivyonifanyia!

Akaomba ruhusa, akatoa kitambaa cheupe, akakipitisha juu ya fremu ya mlango wangu. Kikarudi cheusi. Hakusema kitu. Alikikunja taratibu, akakiweka mezani kwangu upande mchafu ukiangalia juu, na kikakaa pale muda wote wa maongezi, mimi nikijiona kama ni mimi niliyekuwa nafuga lile vumbi.

Halafu ikaja ratiba, karatasi kubwa iliyofunika nusu ya meza. Kazi za kila siku: mapipa, vyoo, masinki, meza, kupiga deki. Kazi za kila wiki: vioo vya ndani, vitasa, swichi za taa. Kazi za kila mwezi: feni, mapazia, na zile fremu za milango. Kila mstari una kisanduku cha msimamizi na kisanduku changu cha kusaini. Watu wawili, saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, siku zote za kazi. Nimefanya kazi ya utawala miaka mingi, na wauzaji wengi huniambia "tutasafisha kila kitu" bila kusema lini. Huyu alisema lini. Ndiyo maana nilimsikiliza, na msinicheke.

Kwenye vifaa ndipo aliponimaliza kabisa. Alipanga vitambaa vya rangi nne: chekundu cha choo, cha njano cha sinki la kunawia, cha bluu cha meza, cha kijani cha jikoni, ili uchafu wa choo usije ukaishia kwenye kikombe cha mtu. Huo ni utaratibu wa kweli, wasafishaji wanaojua kazi huufuata. Akafungua dumu la sabuni nzito, akanionyesha kwenye lebo: sehemu 1 ya sabuni kwa sehemu 50 za maji. Akapima mililita 200 kwenye kikombe chenye alama, akamimina ndani ya ndoo ya lita 10, mbele ya macho yangu. "Hapa ndipo kampuni nyingi zinapokuibia, meneja. Wanamimina kwa macho, wewe unalipa. Mimi dawa nakuandikia kwa kadiri ilivyotumika, usije ukalipia usichotumia." Nilitikisa kichwa kukubali. Mtu ananifundisha jinsi ya kuibiwa, nami nashukuru!

Na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini: "Mimi sikuombi uniamini. Nakuomba unikague. Msimamizi wangu atakuwepo kila jioni, atakutumia picha kabla hajafunga mlango."

Jioni ya majaribio walikuja watu watano, sare zinafanana, na mashine ya kusugua sakafu. Asubuhi wafanyakazi walikuwa wanapiga picha vyoo. Niambieni nani angekataa. Tulilipa miezi mitatu mbele kwa sababu aliahidi punguzo, tukampa funguo. Ile mashine hatukuiona tena. Wale watano pia.

Mwanzoni picha zilifika kila jioni: choo kinang'aa, jikoni pasafi, mapipa matupu. Karatasi ya ukaguzi nyuma ya mlango wa choo ilikuwa na saini kila mstari. Watu wangu wakaanza kulalamika kwamba meza zinanata na chooni kunanuka, nami, kwa kiburi cha mtu mwenye ushahidi, nikawa nawaonyesha picha. Mpaka binti wa mapokezi akaniambia, "Bosi, kuza hiyo ya jikoni, tazama kalenda ukutani." Kalenda kwenye picha ilikuwa kwenye ukurasa wa mwezi uliopita. Ile ya ukutani tulishaifunua siku nyingi.

Nikashuka kwa mlinzi kuangalia daftari la wanaoingia na kutoka. Hakuna watu wawili. Anaingia mmoja, anatoka kabla ya saa moja kuisha. Sasa pigeni hesabu kama niliyoipiga mimi nimesimama pale getini natetemeka. Tuna vyoo 8 na masinki 6. Hata ukimpa mtu dakika tatu tu kwa kila kimoja, hiyo ni dakika 42, na hajagusa pipa, meza wala deki. Alichoniuzia ni saa nne za kazi kila jioni, watu wawili kwa saa mbili. Nilichokuwa napata hakifiki hata saa moja. Hapakuwa na haja ya kumfumania mtu akizembea, ile kazi haikuwezekana tangu mwanzo.

Siku ile nilibaki ofisini. Akaja mama mmoja, peke yake, na kitambaa kimoja cha bluu kilichochakaa. Akaanza chooni. Akamaliza chooni, akakisuuza kwenye sinki, akaenda nacho mezani kwa watu. Nikamwita, nikamuuliza, "Mama, msimamizi yuko wapi?" Akanitazama kama nimemuuliza habari za mtu aliyekufa zamani. "Msimamizi gani, baba? Karatasi naletewa Jumatatu imeshasainiwa yote, mimi nabandika tu." Mshahara hajalipwa. Picha hapigi yeye, simu yake haina hata kamera. Yule mama sina ugomvi naye na naomba msimwandame mtu kama yeye, anakimbizwa ofisi tatu kwa jioni moja.

Nikarudi kwenye ankara. Mnakumbuka ile mililita 200 kwa ndoo? Nikachukua kipimo chake mwenyewe. Sakafu yetu inamalizwa kwa ndoo mbili, hivyo ni mililita 400 kwa jioni. Mwezi wenye siku 22 za kazi unakula lita 8.8, yaani madumu mawili ya lita 5 na sabuni inabaki. Alikuwa anatuandikia madumu sita. Sita! Na "kwa kadiri ilivyotumika" ndivyo ilivyoandikwa kwenye mkataba, bila kiwango cha juu, kwa hiyo kila dumu aliloandika lilikuwa halali kwenye karatasi. Stoo niliposhika dumu lililoandikwa sabuni nzito, ndani maji yanacheza kama ya mvua. Nilimimina kidogo kiganjani, hata kuteleza hakutelezi.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Nasema wazi. Asiachiwe eti arudishe hela yaishe, maana hela ataichukua kwa mwingine kesho yake. Afikishwe kwa vyombo vya sheria, afutiwe leseni, na kila jengo libandike picha yake getini ikiwezekana. Amewadhulumu wafanyakazi, ametudhulumu sisi, na ametufutia meza kwa kitambaa cha choo, tukala chakula cha mchana juu yake. Nikifikiria hilo la mwisho nakosa usingizi. Nilipompigia alinijibu kwa upole ule ule, "Meneja, ungenikagua ungeniambia mapema." Hapo ndipo nilipotupa simu.

Mnaniuliza dalili. Dalili moja ni kile kitambaa cheupe. Juu ya fremu ya mlango kuna vumbi karibu ofisi zote, hata zinazosafishwa vizuri, kwa sababu hapafutwi kila siku; hata ratiba yake iliandika mara moja kwa mwezi. Ni jaribio ambalo hawezi kulikosa. Akija kwako mwambie apitishe chini ya ukingo wa choo, siku ya thelathini, si siku ya kuuza.

Nyingine ni kwamba kila ukaguzi alioniahidi ulipita mkononi mwake: picha anatuma yeye, karatasi anasaini mtu wake, dumu analihesabu yeye. Daftari la mlinzi ndilo pekee ambalo hakuligusa, nalo ndilo lililomwaibisha. Kwenye mkataba dai saa za kuingia na kutoka zisomwe kutoka getini, dawa iwe na idadi ya mwisho kwa mwezi, na madumu yafike yamefungwa yapokelewe na mtu wako. Muulize pia jina la msimamizi na ofisi nyingine anazosimamia jioni hiyo hiyo. Mimi nilipomuuliza alisema "timu," nikaridhika, maana alilisema vizuri. Na kulipa miezi mitatu mbele, wallahi sitaki hata kulizungumza.

Aliyeletewa ile ratiba kubwa aniandikie, nataka kulinganisha mkataba wake na wangu kabla ya barua ya mwanasheria kutoka. Hasa kipengele cha notisi: kwetu alikificha ukurasa wa nyuma, siku 90, na anakitumia kudai tuendelee kumlipa. Funguo zetu mbili bado anazo. Kufuli nimebadilisha leo mchana, gharama ninaiongeza kwenye madai.