Uzoefu wangu na Quick Assist: kuitengeneza kompyuta ya shangazi nikiwa mbali

Shangazi alinipigia simu akiwa na hofu. Kila baada ya dakika chache, pembeni mwa skrini yake palichomoza onyo jekundu kwamba kompyuta ina virusi, na chini yake namba ya simu ya kupiga. Nilimwomba asiipige, nikamwambia tutatumia Quick Assist, programu ya Microsoft inayomwezesha mtu kuona na kuendesha kompyuta ya mwingine kutoka mbali.

Nimeichagua programu hii kwa sababu moja kubwa: haiachi mlango wazi. Remote Desktop, njia nyingine ya Windows ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, haipokei wageni kwenye toleo la Home alilonalo yeye, na kuifungulia tundu la 3389, yaani mlango wa mtandao inaoutumia, kwenye ruta yake ni kuwaalika wasiohusika wajaribu nywila usiku kucha. Quick Assist inaishi kwa kipindi kimoja tu. Tukimaliza, siwezi kurudi bila yeye kunikubalia upya.

Yeye alibonyeza Ctrl + Windows + Q, dirisha likafunguka. Mimi niliingia kwa akaunti yangu ya Microsoft (msaidizi lazima awe nayo, msaidiwa si lazima), nikachagua Help someone, nikapata msimbo unaodumu dakika 10. Nilimsomea, akauandika, akabonyeza Allow. Hapo nilikuwa naona tu. Kabla ya kuomba kuendesha, nilimwambia afunge barua pepe na ukurasa wa benki, kwa kuwa kila kilicho wazi kwake kilikuwa wazi kwangu pia. Kisha nikabonyeza Request control, naye akakubali mara ya pili.

Onyo lilipotokea tena sikulifunga haraka. Nililisoma. Juu yake palikuwa na jina Google Chrome na anwani ya tovuti nisiyoijua. Hiyo ilinionyesha kwamba ni arifa ya kivinjari: siku fulani alibonyeza Allow kwenye tovuti, nayo ikapata ruhusa ya kumtumia ujumbe hata akiwa ameifunga. Onyo la kweli la Windows halikupi namba ya simu. Niliandika kwenye kivinjari:

```
chrome://settings/content/notifications
```

Tovuti hiyo ilikuwa kwenye orodha ya walioruhusiwa. Nikaibonyezea Block, na onyo halikurudi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilifungua orodha ya programu zake na kuipanga kwa tarehe ya kusakinishwa. Juu kabisa palikuwa na programu nyingine ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ya wiki hiyo hiyo. Nilimuuliza taratibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, niliipiga ile namba jana. Waliponiambia niwasomee tarakimu zilizotokea kwenye programu hiyo, moyo ukakataa, nikakata simu." Nilimshukuru kwa kuniambia. Aibu ndiyo inayowafanya wengi wafiche jambo hili mpaka fedha ziondoke.

Nilipobonyeza Uninstall, skrini yangu ikawa nyeusi. Usidhani mtandao umekatika: Windows inapoomba kibali cha msimamizi, swali hilo hujitokeza kwake peke yake, na mimi siwezi kulijibu. Nilimwomba anisomee jina la programu na la mtengenezaji, tukahakikisha ndiyo ile, ndipo akabonyeza Yes kwa mkono wake. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya chombo hiki, ingawa inakulazimu kubaki kwenye simu muda wote. Baadaye alibadilisha nywila ya barua pepe kwa simu yake mwenyewe, mimi nikiwa nimeshatoka.

Jambo moja linanitia wasiwasi: matapeli nao wanaitumia Quick Assist. Mei 2024 Microsoft wenyewe walieleza kundi lililokuwa likipiga simu likijifanya mafundi na kuwaomba watu waandike msimbo. Kwa kuwa msimbo hutoka kwa anayesaidia, tulikubaliana kwamba ni yeye atakayenipigia, kwa namba aliyoihifadhi, na msimbo utakaoletwa na mtu aliyempigia yeye hauandiki, hata akitaja jina langu.

Ina mipaka. Kompyuta isiyowaka au isiyofika intaneti haitafaidika nayo. Na kama shangazi angekuwa amewasomea zile tarakimu, nisingeanza na Quick Assist kabisa. Ningemwambia azime intaneti kwanza, awapigie benki, na kompyuta ningeifuata mwenyewe ili niifute na kusakinisha Windows upya, kwa kuwa kuondoa programu moja hakukuhakikishii kwamba aliyeingia hakuacha nyingine.